Dogo wa vyombo alivyohamishiwa stesheni ya baridi

Nyie mnaoanza jikoni kwa kuosha vyombo mnauliza sana mtu anatokaje pale kwenye sinki, basi ngoja niwape ya dogo mmoja niliyefanya naye kazi. Mimi nilikuwa stesheni ya baridi, yaani saladi na vyote visivyopita motoni, na shefu wetu alikuwa mkali kwelikweli, sahani ikiwa na alama ya kidole tu anairudisha.

Shida yetu siku za wateja wengi ilikuwa sahani. Mashine ya vyombo inasuuza kwa maji ya moto sana, kama digrii 82 hivi, sahani zinatoka zinaunguza, ukipangia saladi hapohapo majani yananywea kabla hayajafika mezani. Dogo hakuambiwa na mtu, aliona tu nagusa sahani kwa kiganja halafu naiweka pembeni. Kesho yake akaanza kuosha za saladi kwanza, mapema, anazisimamisha kwenye raki zikauke zenyewe (kitambaa hapana, kinarudisha uchafu), zikishapoa ndo ananiletea, na zilizotoka mashineni sasa hivi hazichanganyi na hizo.

Shefu akashika sahani moja, akashika ya pili, akauliza nani kaleta hizi. Nikamwonyesha. Hakusema kitu, ila siku chache mbele akamwambia, "Kesho vaa aproni safi, unasimama huku." Kwa maoni yangu hakumchukua kwa sababu ya spidi, maana kulikuwa na wenye mikono myepesi kumzidi, alimchukua kwa sababu alijua sahani ikitoka kwake inaenda kufanya kazi gani.

Msidhani alianza kupamba masahani. Alianza na kuosha majani, na hapo ndo wageni wengi wanakwama. Unajaza beseni maji baridi, unatia majani, unayatikisa, unaacha kidogo mchanga uzame, halafu unayainua majani kwa mikono, usimwage beseni lote kwenye chujio maana mchanga wote unarudi juu ya majani. Unabadilisha maji unarudia mpaka chini ya beseni pawe safi kabisa. Kisha unakausha vizuri, kwa sababu jani lenye maji sosi haishiki, inateleza yote chini ya sahani. Shefu alikuwa anainamisha boksi la majani, akiona maji yanachuruzika kwenye kona anamwambia rudia, na dogo anarudia bila kununa.

Baada ya hapo boksi linaandikwa tarehe, linaingia friji isiyozidi digrii 5, la zamani mbele jipya nyuma. Na sosi haiguswi mpaka oda iitwe, chumvi na siki zinavuta maji ya jani, ukichanganya mapema hata dakika kumi tu majani yanalegea, hapo hakuna cha kurekebisha, unatupa unaanza upya.