Mikono isitoke kifuani mashine inapofika

Swali: Ninafundisha wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili hapa Dar es Salaam. Wanakandamiza kifua cha mdoli vizuri, lakini mashine ya kushtua moyo ikiletwa kila kitu kinasimama. Juzi nilipima, zikapita sekunde 40 bila mkono kifuani. Nibadili nini katika mazoezi?

Jibu: Mwalimu, nadhani kinachowaponza ni kwamba wamejifunza kukandamiza siku moja na mashine siku nyingine, na sasa wanaziona kama kazi mbili za kupokezana. Kabla ya kubadili zoezi, waeleze kinachotokea mkono unapoondoka. Msukumo wa damu inayoulisha moyo wenyewe hupanda polepole, mkandamizo juu ya mkandamizo, na hushuka ndani ya sekunde chache ukiacha. Kwa hiyo anayesimama sekunde 40 hupoteza pia migandamizo ya kwanza baada ya kurudi, kwa kuwa anaanza kuujenga msukumo ule upya, na mshtuko unaukuta moyo ukiwa na njaa.

Wagawe watatu watatu. Wa kwanza anakandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akiacha kifua kirudi juu kabisa kila mara. Wa pili yuko kichwani na mfuko wa kupulizia hewa. Wa tatu ni wa mashine, na sheria yake ni moja: haombi nafasi. Anapiga magoti upande wa pili wa mgonjwa, anawasha mashine kwanza, anafungua shati, anabandika pedi moja chini ya mtulinga wa kulia na nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa, huku mikono ya mwenzake ikiendelea kupanda na kushuka katikati yake.

Sasa wape kisa. Mzee wa miaka 58 ameanguka kwenye foleni ya wagonjwa wa nje saa saba mchana. Haitiki akiitwa wala akitikiswa, na anavuta pumzi moja moja za kukoroma, zile za kukata roho, ambazo mwanafunzi asihesabu kuwa ni kupumua. Mloweshe mdoli kifua kwa maji, kwa sababu joto letu la Februari litafanya hivyo hivyo kwa mgonjwa, na pedi haishiki kwenye jasho. Wa tatu akisahau kupangusa, pedi itateleza na wote watageuka kuitazama. Hapo ndipo utakapoziona zile sekunde 40 zikizaliwa. Khanga kavu kandoni mwa mashine inatosha.

Kuna jambo jingine ambalo wakufunzi tunalipuuza: mashine nyingi tunazokutana nazo huzungumza Kiingereza, na mwanafunzi mwenye hofu huacha kukandamiza ili asikilize vizuri. Wa tatu ajizoeze kutangaza kila agizo kwa Kiswahili kwa sauti. Mikono huondoka pale tu anaposema, "Msimguse, inapima." Mashine ikishauri mshtuko, ahakikishe kwa macho kwamba hakuna anayemgusa mgonjwa, abonyeze, na mara moja aseme, "Kandamiza!" Hakuna kutafuta mapigo wakati huo, kwa kuwa hata moyo uliorudi kwenye mpangilio mara nyingi hauna nguvu ya kusukuma damu mwanzoni. Wakandamize dakika mbili, mpaka mashine ipime tena, na hapo wa kwanza na wa pili wabadilishane.

Kupima, tumia saa inayokimbia tu mikono ikiwa hewani. Katika zoezi la dakika 4, yaani sekunde 240, mikono iwe kifuani angalau asilimia 60, hivyo saa yako isizidi sekunde 96. Tuseme wamepuliza pumzi mbili mbili mara 10, kila mara sekunde 5: hizo ni 50. Vipimo viwili vya mashine vya sekunde 12 ni 24. Jumla ni 74, na wamefaulu. Kipimo cha kwanza kikichukua 40, jumla inakuwa 102, hata kama mengine yote ni safi. Saa ikizidi ilhali mashine imetumika vizuri, tazama kichwani: kwa kawaida kidevu hakijainuliwa au barakoa inavuja, na mpulizaji anarudia mara ya tatu na ya nne kifua kisipoinuka. Majaribio yawe mawili tu, kisha mikono irudi. Kichwa kiwekwe sawa wakati wa migandamizo 30 inayofuata.

Zoezi la mwisho, bila kuwaonya, iweke mashine ya mazoezi iseme mshtuko hauhitajiki. Wengi watakaa kitako, nusu wakidhani mgonjwa amepona na nusu wakidhani amekufa. Maana ya agizo hilo ni kwamba mdundo uliopo haurekebishwi kwa umeme, basi; asipofumbua macho, kujisogeza wala kupumua kama kawaida, wa kwanza anarudi kifuani kabla mashine haijamaliza sentensi yake.