Maski haiilindi lebo yako

SWALI: Nina picha ya mraba ya chupa ya losheni, 1200 kwa 1200, nataka bango la 2400 kwa 800. Nimetumia programu ya akili mnemba inayotanua picha, chupa nimeifunika kwa maski na nikaandika kabisa "usibadilishe chupa". Bado imetoka nene kidogo, na maandishi madogo ya lebo hayasomeki. Nimekosea wapi?

JIBU: Chukua rula kwanza. Kwenye picha yako ya asili pima upana na kimo cha chupa, kisha pima vilevile kwenye bango. Tuseme kwenye asili ni 450 kwa 1050. Picha ikipunguzwa kutoka 1200 hadi 800, chupa inatakiwa iwe 300 kwa 700, basi. Ukikuta 330 kwa 700, kuna mahali picha imevutwa au chupa imechorwa upya. Vipimo vikiwa sawa ila herufi zimeharibika, ugonjwa ni mwingine. Wewe inaelekea una yote mawili.

Tatizo la kuvutwa nalimaliza haraka. Programu nyingi zina mahali pa kuchagua jinsi picha itakavyoingia kwenye ukubwa mpya. Kwenye Stable Diffusion WebUI, kwa mfano, chaguo la `Just resize` linaulazimisha mraba wako uenee bango zima. Usimwachie mtu wala programu kazi hiyo. Punguza picha mwenyewe iwe 800 kwa 800, tengeneza turubai tupu ya 2400 kwa 800, halafu iweke picha juu yake bila kuivuta. Mimi ningeiweka ianzie pikseli ya 1200 kutoka kushoto, ili kushoto pabaki nafasi ya maandishi ya tangazo na kulia pabaki 400.

Sasa maski, maana hili ndilo linalonichosha. Kila wiki napokea bango lililoharibika, na kila mara mwenyewe ananiapia kwamba bidhaa aliifunika. Watu wanaichukulia maski kama karatasi ya gundi anayobandika fundi rangi dirishani. Sivyo inavyofanya kazi. Modeli za aina ya Stable Diffusion hazichori kwenye pikseli zako. Kwanza zinaibana picha nzima, pamoja na sehemu uliyoifunika, zinafanya kazi kwenye huo muhtasari, kisha zinaufungua uwe picha tena. Kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 unabanwa kuwa seli moja, na katika matoleo ya awali ya Stable Diffusion seli hiyo hubeba namba 4 tu. Herufi ndogo ya lebo yako, yenye kimo cha pikseli 8, inaishi ndani ya seli chache tu. Ikifunguliwa, unapata kitu kinachofanana na herufi. Maski imeiambia modeli isibuni kitu kipya pale. Haijaizuia picha kubanwa na kufunguliwa. Baadhi ya programu huzirudisha pikseli zako za asili zenyewe mwishoni, nyingine hazifanyi hivyo. Zile unazoziandikia tu "nifanyie bango la picha hii" mara nyingi huchora picha nzima upya, chupa ikiwemo.

Na hayo maneno "usibadilishe chupa" yafute. Wapo wanaouza orodha za maneno ya namna hiyo eti ni siri ya wataalamu. Modeli nyingi za picha hazielewi vizuri ukanushaji. Zinachosikia ni "chupa". Ukitaja chupa huku kushoto kuna nafasi tupu ya pikseli 1200, usishangae kuona chupa ya pili imesimama pale na lebo ya lugha isiyokuwepo duniani. Eleza mandhari peke yake: ukuta wa kijivu usio na kitu, meza nyeupe, mwanga laini kutoka kushoto. Bidhaa usiitaje hata mara moja.

Tanua kwa hatua, pikseli 400 kila mara: moja kulia, tatu kushoto. Hatua ya kwanza ya kila upande modeli ione picha nzima, ijue mwanga unatoka wapi na ukingo wa meza uko kimo gani. Hatua ya pili ya kushoto ionyeshe tu kuanzia pikseli ya 400 hadi 1200, nusu mpya na nusu mandhari iliyokwisha chorwa. Ya tatu, 0 hadi 800. Chupa yako inaanzia pikseli ya 1450, kwa hiyo kwenye hatua hizo mbili haimo kabisa kwenye dirisha. Kisichoonekana hakiguswi. Ukitanua pikseli zote 1200 kwa mkupuo mmoja, modeli iliyofundishwa kwa picha zenye umbo linalokaribia mraba huanza kurudia vitu ili kujaza uwazi.

Ukimaliza, rudisha picha ya asili. Fungua bango kwenye GIMP au programu yoyote yenye leya, weka ile picha ya 800 kwa 800 juu, pale pale kwenye 1200, kisha lainisha kingo zake za kushoto na kulia kwa upana wa pikseli kama 40 ziyeyukie kwenye mandhari mpya. Una pikseli 250 za mandhari kila upande wa chupa, nafasi inatosha. Angalia kivuli tu: kikifika kwenye ule ukingo unaoyeyuka, utaona kivuli kimekatika au kimekuwa viwili, na hapo itabidi urudie hatua ya kwanza ya upande huo.

Usiamini macho. Linganisha chupa ya asili na ya kwenye bango, zote zikiwa PNG, kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa kuandika amri. Hapa `asili800.png` ni ile picha ya 800 kwa 800, na `tayari.png` ni bango lililokamilika:

```
magick asili800.png -crop 300x700+250+50 +repage a.png
magick tayari.png -crop 300x700+1450+50 +repage b.png
magick compare -metric AE a.png b.png null:
```

Namba inayotoka ni idadi ya pikseli zinazotofautiana. Ikiwa 0, chupa haijaguswa. Ikiwa maelfu, ama umesahau kuirudisha picha ya asili, ama umeiweka ikapishana kwa pikseli moja. Fanya hivi kabla ya kuhifadhi kama JPEG, kwa sababu JPEG yenyewe hubadilisha pikseli.

Utaambiwa haya yote ni ya nini wakati kuna programu ya kubofya mara moja. Niliwahi kuletewa bango la sabuni ya maji ambalo lilikuwa limeshatumika siku kadhaa. Kwa mbali lilipendeza. Ukilisogeza karibu, "500 ml" imekuwa "600 ml", na kifuniko kimeota pampu ambayo chupa halisi haina. Aliyelitengeneza alibofya mara moja kweli. Wanunuzi ndio waliogundua, wakataka pampu yao. Anayekuuzia njia ya mkato mwombe kitu kimoja tu: akate chupa kwenye bango lake, aiweke juu ya ile ya asili, akuonyeshe namba. Wengi niliowaomba hivyo walinijibu kwamba "tofauti haionekani".