Kuinuka kitini bila kushika meza

Nina umri wa miaka 67, ninaishi Arua, Uganda, na nilitambua kwamba mapaja yangu yanapungua siku mjukuu wangu aliponyoosha mkono niinuke kwenye kigoda kabla sijamwomba. "Shika hapa, Babu," alisema, kama jambo alilolizoea. Kila asubuhi nilikuwa nikitembea hadi sokoni na kurudi, nikidhani inatosha. Kumbe kutembea hufaa zaidi moyo na pumzi, ilhali misuli hutaka mzigo unaoielemea.

Katika kituo cha afya, muuguzi alinitaka nikunje mikono kifuani, nisimame na kuketi mara 5 haraka niwezavyo. Nilitumia sekunde 19, na zaidi ya 15 ni dalili ya misuli dhaifu. Walinipima pia sukari, figo na kifua kikuu, kwa sababu mzee anayekonda bila kukusudia huenda ana ugonjwa, na mwenye figo mbovu haongezi protini bila kumwuliza daktari.

Tatizo langu kubwa lilikuwa hamu ndogo ya chakula. Mzee anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo zangu 58, hiyo ni kati ya gramu 58 na 70 kwa siku. Mimi nilikuwa nikianza na ugali wa muhogo, ambao karibu hauna protini, na maharage yalipofikiwa tumbo lilikuwa limeshajaa. Sasa ninageuza utaratibu: maharage au mukene, yaani dagaa, kwanza, ugali baadaye, na maji baada ya kula. Asubuhi ninakula mayai 2, yenye gramu 12 hivi, pamoja na kikombe cha uji uliopikwa kwa maziwa badala ya maji, ambao huongeza 8 au zaidi. Saa kumi alasiri ninakula karanga za kukaanga, kiasi cha kiganja. Meno yanaponisumbua, mke wangu huzisaga na kuzitia kwenye uji. Milo midogo minne imenifaa kuliko sahani mbili kubwa nilizokuwa nikiziacha nusu.

Zoezi lenyewe ni la kiti kilichoegemezwa ukutani. Ninasimama na kuketi mara 8, ninapumzika, kisha ninarudia hadi mizunguko 3, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Mwanzoni nilikosea kwa kujibwaga kitini, nami nikakosa nusu ya kazi, kwa kuwa kushuka polepole huku ukihesabu hadi 3 ndiko kunakoyachosha mapaja. Pumzi haizuiwi, hutolewa wakati wa kuinuka. Mara 8 zilipokuwa rahisi, nilikumbatia kidumu chenye lita 2 za maji, kisha nikaongeza kidogo kidogo.

Baada ya wiki 12 nilitumia sekunde 13. Kidumu sasa kina lita 5, ingawa goti la kulia bado linalalamika, na kwa ajili yake ninaweka mto juu ya kiti ili nisishuke sana.