Taa, kiu na ufunguo: kusoma ubeti wa safari ya baharini

Swali: Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, Ilemela, Mwanza. Mwanafunzi wangu ametunga takhmisa ya mhamiaji anayevuka bahari kwenda Ulaya. Darasa limekwama kwenye ubeti huu. Wanauliza mbona msemaji hanywi maji, na wanabishana kama taa ni tumaini au hatari. Nao ufunguo niufafanue vipi?

*Tumepanda mpirani, tu sitini na wawili,*
*Petroli i miguuni, ngozi yabambuka kweli,*
*Kiu nayo i kinywani, maji mbele, maji mbali,*
*Taa naiona pwani, inawaka mara mbili,*
*Ufunguo u shingoni, nyumba haina dalili.*

Jibu: Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wako wanausoma ubeti huu kwa maji ya Ziwa Victoria, ambayo mvuvi huyachota kando ya mtumbwi akanywa. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 katika kila lita. Figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, hivyo anayeyanywa hupoteza maji mengi kuliko aliyoingiza, na kiu huzidi. Waelezwe hilo kabla ya kitu kingine, ndipo watakapoona kwamba "maji mbele, maji mbali" si mapambo. Kinachomuua msemaji ndicho kinachomzunguka.

Mshororo wa pili nao una habari kamili. Katika boti za mpira zinazotoka Libya, petroli humwagika kutoka kwenye madumu, ikachanganyika na maji ya bahari yaliyotuama sakafuni. Mchanganyiko huo huunguza ngozi polepole, na anayeumia zaidi ni aliyekaa chini katikati, ambako mara nyingi huwekwa wanawake na watoto. Kwa hiyo neno "miguuni" linatuelekeza mahali msemaji alipo: hatari haijaja na wimbi, imo ndani ya chombo alichokipanda ili aokoke. Neno "kweli" hapo ni dhaifu, limewekwa kukamilisha kina na mizani. Mwambie mtunzi atafute jingine.

Sasa taa. Taa ya nyumba haiwaki mara mbili kisha ikazimika. Hii ni ya mnara wa kuongozea meli, na kila mnara una mpangilio wake wa kuwaka na kuzimika ili nahodha ajue yuko wapi. Minara mingi imejengwa kwenye rasi na miamba, hivyo nahodha husoma humo mambo mawili: nchi kavu iko pale, na usije moja kwa moja. Abiria husoma la kwanza tu. Taa yenye nguvu huonekana kutoka kilomita 30 na zaidi, na kwa mashine ndogo iliyolemewa na watu hizo ni saa nyingi. Darasa lisichague upande. Tumaini la msemaji ni la kweli, na hatari imo ndani yake, kwa sababu mwanga unaonekana mapema mno kuliko nchi inavyofikika.

Waoneshe pia kwamba mshororo wa kwanza unasema "tumepanda", wa nne unasema "naiona". Wale sitini na wawili wamebaki mmoja anayeona. Ubeti hausemi kwamba wengine wamekufa, na mwanafunzi asiandike hivyo. Aandike kwamba wingi umetoweka kwenye vitenzi, na kwamba kupoteza kunaanza hapo, kabla ya ufunguo.

Ufunguo wenyewe usiufupishe kuwa "alama ya nyumbani". Uliza kazi yake: hufungua mlango mmoja tu. Mtu huuvaa shingoni kwa kuwa anatarajia kurudi, lakini "nyumba haina dalili", hivyo kinachobaki ni chuma kisicho na mlango. Kuna maana nyingine nzito zaidi. Baada ya boti kuzama, vitu vya mwilini ndivyo mara nyingi humsaidia mchunguzi kujua marehemu ni nani. Italia, waliochunguza miili ya meli iliyozama Aprili 2015 walikuta ripoti ya shule imeshonewa ndani ya nguo ya mvulana mmoja.

Hapo wanafunzi wataitaja ajali ya Ziwa Victoria, ya MV Bukoba mwaka 1996 au ya MV Nyerere mwaka 2018. Waruhusu, kwani kujaza chombo kupita kiasi wanakuelewa kuliko wengi. Ila MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara, na jamaa walikuja kutambua miili ya watu wao. Msemaji wa ubeti huu yuko mahali ambapo hakuna anayemjua.

Unaposahihisha, jibu linalosema "taa inaashiria tumaini" lipewe alama moja kati ya tatu. Ya pili ni kwa anayeeleza taa hiyo hufanya kazi gani baharini, na ya tatu kwa anayeonesha neno la ubeti linalothibitisha, kama "mara mbili".