Mkeo yuko sahihi, na huyo jamaa wa Instagramu anakula kwako

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naendesha bodaboda Mbagala, nina mke na mtoto mmoja. Huwa nabeti hela ndogo tu, na sibahatishi: namfuata jamaa mmoja Instagramu ambaye mikeka yake inatiki karibu kila siku. Mimi mara nyingi nakosa kwa mechi moja tu. Kampuni ni halali, jina lake liko kifuani kwa klabu yangu. Sasa mke wangu kaihamishia akiba yetu kwa mama yake bila kuniuliza. Hii ni heshima kweli?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Sasa tuanze na ulichokificha. Umenitajia umri, kazi na mtaa, ila jumla ya hela zilizokwisha kuliwa hukuitaja. Mwanamke habebi akiba kuipeleka kwa mama yake kwa sababu ya hela ndogo. Kuna siku uliichota, au alikukuta mkono umeshaingia. Mimi niko upande wake.

Jezi isikuzuzue. Mwaka 2017 SportPesa iliingia mkataba na Simba na Yanga, zote mbili. Jiulize mfadhili gani huyo anayevaliwa na watani wa jadi: ni yule asiyejali nani kashinda dabi, mradi wa pande zote wabeti. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inaipa kampuni ruhusa ya kufanya biashara hiyo. Haisemi kwamba utashinda. Wewe umeliona jina kifuani kwa timu unayoipenda, ukaihamishia kampuni imani uliyo nayo kwa timu. Ndicho walichokilipia.

Hiyo "mechi moja tu" ndiyo inayokumaliza. Chukua mkeka wa mechi 10, kila moja odi 1.50. Odi zinazidishwa, kwa hiyo jumla inafika 57 na ushee, na buku lako linaahidiwa kama 57,000. Lakini kampuni hukata chake kabla ya kuandika odi, na timu ya odi 1.50 kwa kawaida hushinda kama mara 63 tu katika 100. Zote 10 kupatia kwa pamoja ni kama mkeka mmoja katika 100. Watu 100 wakiweka buku buku, zinakusanywa 100,000, mmoja anaondoka na 57,000 kabla ya kodi, zinazobaki ni za kampuni. Na katika mikeka hiyohiyo 100, kama sita hivi itachanika kwa mechi moja. Umeona? Kukosa kwa mechi moja ni jambo la kawaida, hutokea karibu mara sita ya kushinda, nawe unalihesabu kama dalili kwamba umekaribia. Hujakaribia popote.

Huyo jamaa yako sasa. Ulipojisajili kwenye kampuni uliweka namba yake ya promosheni, sivyo? Wapo wanaolipwa na kampuni kwa kila kichwa wanachokileta, na wapo wanaopewa fungu la kile mnachopoteza. Wa aina hiyo mkeka wako ukichanika, yeye ndiyo siku yake ya mshahara. Cha mlevi huliwa na mgema. Mtazame vizuri: mikeka ya asubuhi anaiweka kwenye stori, ambayo saa 24 zikipita imepotea. Uliotiki ndio unabaki ukutani kwake. Wengine hubadilisha tarakimu za picha, wengine huonyesha akaunti ya majaribio yenye salio lisilo hela. Mwambie aweke kila mkeka kabla mpira haujaanza na asifute hata mmoja mwezi mzima. Atakubloku. Wakenya mwaka 2025 walipiga marufuku mastaa na watu maarufu wa mitandaoni kutangaza kamari. Hawakufanya hivyo kwa wivu.

Halafu ndoa za siku hizi zinanichosha. Mume anamwamini mtu asiyemjua, mwenye gari la kukodi kwenye picha, na kumwita mkewe mwenye dharau. Yule wa mtandaoni hajawahi kukupikia hata uji. Mkeo anajua bei ya unga, wewe unajua odi za ligi ya Uturuki, na bado unadai heshima.

Leo jioni, kabla hujakwenda ukweni kudai kitu, fungua meseji za simu ya pesa za miezi mitatu. Jumlisha kila ulichotuma kwa kampuni, uandike. Pembeni andika ulichotoa kweli mkononi. Salio lililorudi kwenye mkeka mwingine usilihesabu. Mpe mkeo karatasi hiyo aisome, wewe ukiwa kimya. Kampuni zenye leseni zinaweza kuifunga akaunti yako ukiomba, basi omba, na huyo jamaa mwache kumfuata. Akiba ibaki kwa mama mkwe. Ukiwa na shida ya tairi, mwombe mkeo, na umpelekee risiti.