Maswali na majibu: Mchele wa kwenye picha na mchele wa ndani ya gunia

"Nina mgahawa Malindi mjini. Wauzaji wawili wamenitumia picha za mchele na kila mmoja anasema chenga ni asilimia tano. Nimchukue nani?" (Mama mpishi, Malindi)

Mama, picha ulizonitumia mara ya kwanza hazikuwa na jibu ndani yake. Moja ilikuwa kiganja kilichojaa mchele, ya pili uso wa gunia lililofunguliwa mdomo. Kiganjani punje hulaliana na chenga hujificha chini. Kwenye gunia mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mtikisiko wa lori huteremsha chenga, vumbi na changarawe, na punje nzima hubaki juu. Aliyepiga picha mdomo wa gunia amepiga sehemu yake nzuri kuliko zote, hata kama hakukusudia kudanganya. Nimelisema hili mara nyingi hapa na bado picha za mdomo wa gunia zinaletwa kila wiki. Msiniletee tena.

Ndiyo maana nilikuomba uwaambie wote wawili wapige upya, kwa namna moja. Mchele uchotwe kwa bambo juu, kati na chini ya gunia, uchanganywe, kisha kitolewe kijiko kimoja cha chai. Umwagwe juu ya kitambaa cheusi au cha buluu kisichong'aa, maana juu ya karatasi nyeupe chenga nyeupe hazionekani vizuri. Utandazwe mpaka pasiwe na punje iliyopanda juu ya nyingine. Pembeni iwekwe sarafu ya shilingi moja kwa kipimo, na kipande cha karatasi nyeupe kilichoandikwa jina la muuzaji na tarehe. Simu ishikwe juu, wima, mchana kivulini, taa ya simu ikiwa imezimwa. Picha ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama Document, isipunguzwe ubora njiani.

Picha mpya zilipofika nilizikuza na kuhesabu punje 200 katika kila moja. Chenga ni kipande kifupi kuliko robo tatu ya punje nzima; kilichokatika ncha tu hakihesabiwi. Kwa muuzaji wa kwanza nilipata chenga 46. Hapo wengi hukimbilia kusema asilimia 23 na kumwita mtu mwongo, nao wanakosea, kwa sababu asilimia ya biashara hupimwa kwa uzito, na chenga ni nyepesi kuliko punje nzima. Nyingi za kwake zilikuwa kama nusu ya punje. Kwa hiyo chenga 46 zina uzito wa punje nzima 23 hivi. Ziweke pamoja na zile nzima 154, jumla inakuwa 177, na 23 katika 177 ni asilimia 13. Katika gunia la kilo 50 hizo ni kilo sita na nusu za chenga, ilhali yeye anakutoza bei ya gunia lenye kilo mbili na nusu.

Kwa muuzaji wa pili nilipata chenga 18. Hesabu ileile inatoa 9 katika 191, chini kidogo ya asilimia tano, kama alivyosema. Lakini tazama urefu wa punje nzima katika picha yake. Kuna nyembamba ndefu zinazopenyeza mwanga, na kuna fupi pana zenye doa jeupe kama chaki katikati. Hizo ni aina mbili zilizochanganywa. Ukizitia sufuria moja ya pilau, moja itaiva na kuanza kuvunjika wakati nyenzake bado ina kiini kigumu, na hakuna maji wala moto utakaozipatanisha.

Kwa hiyo, kwa pilau na biriani, usinunue kwa yeyote kati yao kwa bei wanayotaja. Wa kwanza ana mchele wa aina moja, rangi moja, safi, ila si wa asilimia tano. Akiteremsha bei ilingane na chenga zake, mchukue kwa wali wa mchana. Na kama unauza vitumbua au mkate wa kumimina, ambako mchele unalowekwa na kusagwa, usilipie uzima wa punje hata kidogo, nunua chenga tupu zilizo safi. Jambo moja zaidi: punje 200 ni chache. Mwambie apige vijiko vitatu tofauti. Hesabu zikipishana sana, ujue sampuli yenyewe haikuchanganywa.

"Nitajuaje kwa picha kama mchele ni wa plastiki?" (Msomaji, Mambrui)

Acha kuusambaza uvumi huu. Plastiki haiwezi kuiva ikawa wali. Tumia muda huo kutafuta changarawe na chuya, vitu ambavyo kweli vimo ndani ya magunia.

"Mchele ulikuwa mweupe pepepe kwenye picha, umefika ni wa manjano. Nimetapeliwa?" (Baba Fatma, Langoni, Lamu)

Inawezekana, lakini picha pekee haithibitishi. Simu hujirekebishia rangi kulingana na mwanga. Chini ya balbu ya manjano ya ghalani inaweza kuung'arisha mchele mpaka ukaonekana mweupe kuliko ulivyo, na nje jua la saa kumi na moja linaweza kuutia umanjano usiokuwa wake. Ndiyo sababu ya kile kipande cha karatasi nyeupe. Itazame karatasi kwanza: ikiwa ndani ya picha inaonekana ya manjano au ya buluu, rangi ya mchele kwenye picha hiyo usiiamini. Karatasi ikiwa nyeupe na mchele ukawa na umanjano, basi umanjano ni wa mchele.

Hata hapo, tofautisha. Umanjano wa sare, punje zote zikiwa zinapenyeza mwanga na ngumu, mara nyingi ni mchele uliochemshwa ukiwa na maganda kabla ya kukobolewa. Si kosa, ni aina, na muuzaji alipaswa kukwambia. Umanjano wa punje mojamoja, hii njano, ile nyeupe, nyingine ya kahawia, ni mchele uliopata joto na unyevu ghalani au kabla ya kukobolewa. Huo ndio wa kuukataa. Rangi isiyo sare inatisha kuliko rangi isiyo nyeupe.

"Nimepata mahindi ya Mpeketoni, picha ni safi sana, meupe, hayana hata punje iliyooza. Kwa hiyo hayana aflatoksini?" (Mwenye kinu, Lamu)

Hapana, na tafadhali usimwambie mteja wako hivyo. Aflatoksini ni sumu ya kuvu, na sumu haina rangi. Punje yenye ukungu wa kijani unaoelekea manjano ni dalili mbaya ya kutosha kulikataa gunia, lakini punje inayopendeza inaweza kuwa na sumu ileile. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla ya aflatoksini, na 5 kwa ile ya B1. Hakuna jicho wala kamera inayoona kiasi hicho. Hupimwa maabara, au kwa vifaa vya kupimia vya haraka vinavyotumiwa na wanunuzi wakubwa. Mwaka 2004, huko Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi waliyokuwa wameyahifadhi majumbani mwao. Nalitaja hili kila nikiulizwa, na nitaendelea kulitaja.

Unachoweza kukipima wewe mwenyewe ni unyevu, kwa maana kuvu hufuata unyevu. Kiwango ni asilimia 13.5 kwenda chini. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, unyevu umepita 15: rudisha mahindi juani au kwa mwenyewe. Isipoganda, umejua tu kwamba hayajapita 15, na bado kati ya 13.5 na 15 kuna hatari, hasa kwetu pwani ambako hewa yenyewe ni mbichi na gunia lililowekwa sakafuni hunywa unyevu. Ukitaka uhakika, tafuta mwenye mashine ya kupimia unyevu.

"Muuzaji ananiambia punje za mahindi zilizovunjika hazina neno, si yatasagwa tu?" (Mfanyabiashara, Gongoni)

Kama unasaga wiki hii, ana haki kiasi. Kama unaweka miezi, hana. Punje iliyovunjika imefunguliwa mlango: kuvu huingia, wadudu huingia. Kiwango huruhusu asilimia 2 ya zilizovunjika kwa daraja la kwanza, 4 kwa la pili, 6 kwa la tatu, na si bure. Kwenye picha tazama pia vitundu vya mviringo na unga mwingi mweupe kati ya punje. Unga mwingi ni alama ya dumuzi, na gunia moja lenye dumuzi halikai peke yake ghalani.

"Simu gani inapiga picha nzuri ya nafaka?" (Kijana, Malindi)

Uliyo nayo. Futa kioo cha kamera, zima kipamba picha.

"Nilinunua mchele kwa picha, nikalipa wote. Ulipofika gati ya Mokowe, gunia za chini zina mchanga na chenga. Muuzaji anasema picha ndiyo hiyo na mchele ndio huo. Nifanyeje?" (Mwenye duka, Faza)

Kwanza, usiendelee kuuza kutoka kwenye mzigo huo, maana ukiuza ni kama umeupokea. Chota kwa bambo katika gunia kadhaa, juu, kati na chini, tandaza kwa namna niliyoeleza pale juu, piga picha, mtumie leo na umwambie kwa maandishi kwamba unaukataa.

Sasa udhaifu wako uko wapi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mali inayouzwa kwa sampuli lazima ilingane na sampuli kwa ubora, na mnunuzi apewe nafasi ya kulinganisha. Lakini wewe hukuwa na sampuli, ulikuwa na picha, na picha ya mdomo wa gunia atasema ni kweli, gunia lilikuwa hivyo juu. Hapo utabishana naye sana.

Picha ni ya kukatalia. Inakuokoa nauli ya kwenda kuangalia mchele mbovu, basi. Ukiipenda picha, agiza kilo moja iliyochanganywa kutoka gunia kadhaa, ije kwa basi na kwa boti. Igawe katika mifuko miwili ya nailoni: mmoja uupike na kuula, wa pili ufungwe kwa gundi, uandikwe tarehe, na wewe na mtu wake mtie sahihi juu ya gundi. Lipa nusu. Mzigo ukishuka gatini, kabla haujapakiwa kwenye boti ya Faza, fungua mfuko ule, tandaza kijiko chake kando ya kijiko cha mzigo, juu ya kitambaa kimoja. Zikilingana, lipa nusu iliyobaki hapohapo. Zisipolingana, mzigo urudi kwenye lori lake.