Niliposema tumbo lanisokota

Kwetu Amu mwanamke akisema tumbo lamsokota, hakuna anayeinua kichwa. Ni neno la kila mwezi. Utaambiwa ulale, ukandwe kiuno kwa maji ya moto, unywe chai ya tangawizi, na asubuhi utakuwa umepoa. Mimi nililisema neno hilo usiku wa harusi kule Siyu, kisiwani Pate, na kwa bahati mbaya nilikuwa nasema kweli tupu. Ovari yangu ya kulia ilikuwa imejisokota kama kamba.

Nianze nyuma kidogo. Miezi 5 kabla ya harusi ile nilipigwa skani ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa, na aliyenipiga akaona sisti kwenye ovari ya kulia, sentimita 7. Aliniambia nirudi baada ya wiki 8 itazamwe tena. Akanieleza kwamba sisti nyingi za wanawake wa umri wangu ni vifuko vya maji vinavyobaki baada ya yai kukomaa, na kwa kawaida hunywea vyenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu. Isiponywea, huenda ni ya aina nyingine. Sikurudi. Haikuwa ikiuma, na nauli ina kazi nyingi.

Baadaye ikauma. Siku moja nilikuwa napandisha ndoo ya maji ngazini, nikapigwa na maumivu makali upande wa kulia chini, mara moja, kama nimechomwa. Nikatapika. Baada ya nusu saa yakaondoka kabisa, nikamaliza kufua. Wiki tatu baadaye yakarudi vilevile, nikaenda kwenye kliniki moja. Walipima mkojo, wakanipa dawa za maambukizi ya mkojo za siku 5. Hawakuniuliza kama nina sisti, nami sikuwaambia, maana nilidhani maumivu yaliyokwisha si maumivu. Nimekuja kujua kwamba huenda zile zilikuwa ovari ikijisokota kidogo kisha ikijisokotoa yenyewe. Maumivu ya kuja ghafla, ya upande mmoja, yenye kutapika, kisha kupotea, kwa mtu anayejua ana sisti kubwa, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo hata kama yamekwisha.

Sasa usiku wenyewe. Saa 2 usiku tulikuwa ukumbini, nikageuka kumpisha mtu, nikahisi kitu kimekatika ndani. Nilitapika mara tatu. Shangazi akanivuta ndani, "Ndoo ulale hapa," akasema ni chango, akaleta mafuta ya nazi, akaanza kunikanda tumbo. Simlaumu, hivyo ndivyo alivyofundishwa. Lakini tumbo la namna hii halikandwi. Kukanda hakuisokotoi ovari, na kunaweza kuipasua sisti. Saa 4 maumivu yakapungua, kila mtu akafurahi. Saa 7 yakarudi na hayakuondoka tena.

Ovari haikushikwa imara kama figo. Inaning'inia kwa kano mbili, moja kutoka ukuta wa nyonga, nyingine kutoka kwenye mfuko wa uzazi, na mishipa ya damu inapita humohumo. Ovari ya kawaida ni ndogo, ukubwa wa lozi kubwa. Itie uzito wa sisti, hasa ikizidi sentimita 5, itaanza kubembea, na siku moja inazunguka na kano zake. Upande wa kulia hutokea zaidi, kwani kushoto utumbo mpana umejaza nafasi.

Ikishazunguka, mshipa unaorudisha damu ndio unaobanwa kwanza, kwa sababu kuta zake ni laini. Mshipa unaoleta damu una nguvu zaidi, unaendelea kusukuma. Kwa hivyo damu inaingia haitoki, ovari inavimba, na uvimbe wenyewe unazidi kubana, mpaka mwisho hata damu ya kuingia inasimama. Hapo ovari inaanza kufa. Hakuna daktari anayeweza kukuambia kwa hakika kwamba yako ina saa ngapi. Inategemea imezunguka mara ngapi na kwa kukazwa kiasi gani. Linalojulikana ni kwamba kila saa inapunguza nafasi ya kuiokoa, na dawa ya kumeza ya kuisokotoa hakuna. Panadol na sindano hupunguza maumivu, lakini ovari inabaki imenyongwa.

Mume wangu akaenda kutafuta boti, akaambiwa maji yamekupwa. Anayeijua Siyu anajua maana yake. Mlango wake ni mkondo mwembamba katikati ya mikoko, na maji yakitoka, boti inakaa juu ya tope. Tulingoja mpaka saa 10 alfajiri. Nilikuwa nimelala sakafuni na shangazi anataka kunipa uji wa kutia nguvu. Nilikunywa vijiko vichache, nikatapika. Hilo nalo nililijua baadaye. Mtu ambaye huenda akapasuliwa asipewe chakula wala chai, kwa sababu akitiwa nusukaputi na tumbo limejaa, kile chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kama tungeondoka saa 2, bado maji yalikuwa yanapitika.

Saa 12 na nusu tulikuwa Amu, hospitalini. Hapa ndipo nilipofanya jambo moja la maana usiku kucha. Sikusema tumbo lanisokota. Nilimwambia muuguzi, "Nina sisti kwenye ovari ya kulia, sentimita 7, maumivu yameanza ghafla saa 2 usiku, nimetapika mara nyingi." Nilikuwa na picha ya karatasi ya skani kwenye simu. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mimba. Mume wangu alishangaa, lakini hakiepukiki. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huanza hivihivi na inaua kwa kuvuja damu. Kikatoka hasi. Wakabonyeza tumbo kuangalia kidole tumbo, kwani nacho kiko kulia. Kidole tumbo mara nyingi huanzia karibu na kitovu, kinahama polepole kwenda kulia kwa muda wa saa kadhaa, na hamu ya kula inapotea kabla. Yangu yalianzia palepale, kwa dakika moja.

Kisha skani. Ovari ilionekana imevimba, vijiyai vidogo vimesukumwa pembeni, na sisti juu yake. Ila walipowasha Dopla, ile sehemu inayoonyesha damu ikipita, damu ilionekana. Nikashusha pumzi. Mume wangu akauliza, "Kwa hivyo haijajisokota?" Daktari wa akina mama akajibu jibu ambalo ningependa kila mwanamke mwenye sisti alijue. Ovari inapata damu kutoka pande mbili, mshipa mmoja unashuka kutoka juu na mwingine unatoka upande wa mfuko wa uzazi, na mwanzoni damu ya kuingia huwa bado inapita. Kwa hivyo damu kuonekana hakuthibitishi kwamba ovari ni salama. Damu isipoonekana kabisa, basi jambo ni zito sana. "Siitibu picha," akasema, "namtibu mama huyu anayetapika." Uhakika wenyewe, akasema, ni kufungua na kutazama.

Kabla ya kuweka sahihi nilimuuliza kama ataitoa ovari. Zamani ovari iliyokuwa nyeusi ilikatwa moja kwa moja, kwa hofu kwamba ikisokotolewa, damu iliyoganda itasafiri mpaka mapafuni. Hofu hiyo haikuthibitika. Siku hizi kwa mwanamke ambaye bado anazaa huisokotoa, huitoa sisti peke yake, na kuiacha ovari hata kama rangi yake inatisha, kwa sababu nyingi hurudi kufanya kazi. Kwa mama aliyekoma hedhi huwa ni habari nyingine, mara nyingi hutolewa. Uliza swali hili ukiwa bado macho. Mimi niliambiwa, "Nitaiacha nikiweza," nikatia sahihi. Saa 5 asubuhi nikaingia thieta.

Walipasua chini, pale nguo ya ndani inapoishia. Ovari ilikuwa imezunguka mara mbili, imevimba, rangi ya bilingani. Waliisokotoa, wakangoja, na wekundu kidogo ukarudi pembeni. Sisti yenyewe ilikuwa na mafuta mazito na nywele ndani. Hapa shangazi alitaka kuita mwalimu wa kunisomea. Ikabidi muuguzi amweleze. Chembe za ovari ndizo zinazotengeneza mayai, na yai lina uwezo wa kutengeneza kila kiungo cha mwili, ngozi, nywele, hata meno. Mara nyingine chembe moja huanza kazi hiyo peke yake, bila mimba na bila mwanamume, nayo hujenga kifuko cha vitu hivyo. Huitwa demoidi. Ni za kawaida kwa wasichana na wanawake vijana, nyingi si saratani, na hazinywei zenyewe kama zile za maji. Skani yangu ya wiki 8 huenda ingeionyesha ikiwa bado ipo vilevile, na ningepangiwa kuitoa kwa siku ninayoitaka, si alfajiri juu ya boti.

Wanaoniuliza huwa wanataka kujua wataitofautishaje na sisti iliyopasuka. Sisti kupasuka nako ni ghafla, mara nyingi wakati wa kazi nzito au tendo la ndoa, lakini maumivu hufikia kilele kisha yakashuka siku hiyo au ya pili, na wengi hupona kwa dawa ya maumivu na kupumzika. Ila ukisikia kizunguzungu, moyo unakimbia, tumbo linajaa au bega linauma, damu inavuja ndani, nako ni mbio. Nasema haya ili uelewe unachoambiwa hospitali, si ili ukae nyumbani ukijipima mwenyewe. Mimi usiku ule ningeapa kwamba yangu ni ya kupoa, kwa sababu ya zile saa tatu yalipopungua.

Baada ya miezi 3 nilipigwa skani nyingine. Ovari ya kulia imerudi udogo wake na ina vijiyai. Shangazi bado anakanda matumbo ya watu Siyu, na siwezi kumzuia. Lakini juzi binamu yangu alishika tumbo jikoni kwake, na kabla ya kuyagusa mafuta shangazi alimuuliza yako upande gani, yameanza lini na umetapika. Kisha akamtuma mtoto pwani akatazame maji.